Salio halitoshi: meseji ambayo mwenye kadi ya mtandaoni hapaswi kuifuta

Tumtunge katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, anaishi Isevya, Tabora mjini. Mtu ni wa kutunga, ila kila kitakachompata hutokea kila siku. Saa nane usiku simu yake inaingiza meseji. Anaisoma asubuhi akiwa anakoroga chai: muamala wa dola 1.00 umekataliwa, salio halitoshi. Jina la duka halijui, linafanana na la shirika fulani la misaada la huko Marekani. Kadi yake ya mtandaoni, ile ya namba tu inayokaa kwenye aplikesheni ya simu, ilikuwa imebaki na shilingi 400. Anaona hakuna kilichoibwa, anafuta meseji, anaendelea na chai.

Siku tatu baadaye anaweka shilingi 82,000 kwenye kadi hiyohiyo ili anunue kipima unyevu cha asali kutoka China. Anafungua duka, anachagua kifaa, anaandika anwani ya posta. Anapofika kwenye ukurasa wa malipo, kadi inakataa. Anaangalia salio: zimebaki elfu tatu na kitu. Nyingine zote zimeondoka dakika sita tu baada ya kuziweka.

Watu wengi tunaambiana kwamba kadi ya mtandaoni ni salama kwa sababu inakaa tupu: unaweka hela, unalipa, inarudi kuwa tupu, mwizi akija anakuta sahani imelambwa. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kadi tupu bado ni kadi hai, na meseji ile ya saa nane usiku ndiyo iliyokuwa ikisema hivyo.

Kadi inapopelekwa kulipa mahali, mfumo wa aliyeitoa haujibu tu ndiyo au hapana. Unajibu kwa namba. `14` maana yake namba ya kadi haipo. `54` maana yake tarehe ya mwisho imepita au si sahihi. `51` maana yake salio halitoshi. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwizi mwenye orodha ya namba elfu kumi alizonunua au alizotengeneza. Akijibiwa `14` anaitupa namba hiyo. Akijibiwa `51` anafurahi, kwa kuwa kadi ipo na maelezo yake yamekubalika, kilichokosekana ni hela tu. Namba hiyo anaiweka kando, na kompyuta yake inaendelea kuijaribu mchana na usiku bila kuchoka. Hana haja ya kujua ni lini katibu ataweka hela. Mashine itamwambia.

Kwa hiyo ukikuta meseji ya kukataliwa kwa malipo ambayo hukuyaanzisha wewe, hata kama ni ya senti 50, ichukulie kama taarifa kwamba namba imetoka. Kitu cha kwanza, usiweke hata shilingi moja zaidi kwenye namba hiyo. Kiasi kidogo kama dola 0 au dola 1 ndicho kinachotumika kwenye majaribio, na mara nyingi hujaribiwa kwenye kurasa za kuchangia misaada, kwa sababu hizo hupokea kiasi chochote na hazina bidhaa ya kusafirisha.

Namba ilitokaje? Katibu ataapa kwamba hajampa mtu kadi yake, na huenda anasema kweli. Njia moja ni duka lenyewe kuingiliwa. Mwaka 2018 wadukuzi waliingiza mistari michache ya msimbo wa kompyuta kwenye ukurasa wa malipo wa shirika la ndege la British Airways, na kwa takriban wiki mbili kila mteja aliyeandika kadi yake pale alikuwa anawaandikia na wao. Duka haliruhusiwi kuhifadhi zile tarakimu tatu za CVV baada ya malipo kuidhinishwa, lakini kwa wizi wa namna hii katazo hilo halisaidii, maana tarakimu zinachukuliwa zikiwa bado ziko kwenye vidole vyako. Wateja wale walikuwa wameandika kadi zao kwenye tovuti halisi ya shirika kubwa. Kuangalia kama kuna kufuli pembeni ya anwani ya tovuti kusingewaokoa.

Njia ya pili ni picha ya skrini. Aplikesheni inaonyesha namba zote 16, tarehe na CVV kwenye ukurasa mmoja, mtu anapiga picha ili asihangaike kunakili, picha inakaa kwenye simu, inapanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, au anamtumia kijana wa stesheneri kwa Watsapu amsaidie kulipia. Kuanzia hapo kadi ina wenyewe wengi.

Njia ya tatu ndiyo inayowashangaza watu: namba inaweza kukisiwa bila kuvuja popote. Katika tarakimu 16, zile 6 au 8 za mwanzo zinamtambulisha aliyetoa kadi, na zinafanana kwa kadi nyingi za aina hiyo. Ya mwisho kabisa inakokotolewa kutokana na 15 zilizotangulia. Ukiondoa 8 za mwanzo na moja ya mwisho zinabaki tarakimu 7, yaani namba milioni 10. Kwa binadamu ni nyingi. Kwa kompyuta inayosambaza majaribio kwenye mamia ya maduka, kidogo hapa kidogo pale, ni kazi inayowezekana, hasa kwenye maduka yasiyouliza CVV.

Ndiyo maana sipotezi muda mwingi kumfundisha mtu kuficha namba ya kadi. Afiche, ndiyo, lakini apange mambo yake akijua kwamba siku moja itatoka.

Mpango unaanza na swali ambalo wengi hawajawahi kujiuliza: kadi yako inakunywa kutoka kisima kipi? Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ina mfuko wake. Unahamisha hela kutoka kwenye laini kwenda kwenye kadi, na kilichoko kwenye laini kadi haikigusi. Aina ya pili imefungwa moja kwa moja kwenye salio la laini au akaunti ya benki. Kuzitofautisha ni rahisi. Angalia salio la laini, kisha ingia kwenye sehemu ya kadi uangalie salio la kadi. Ukikuta kiasi kilekile sehemu zote mbili, na hakuna mahali pa kuweka au kutoa hela ya kadi, una aina ya pili. Hapo mwizi akipata namba hatakuta 82,000 tu, atakuta mauzo yote ya asali ya msimu kama yako kwenye laini hiyo.

Mwenye aina ya pili nisingemshauri aiache. Ningemwambia atenganishe laini. Ile inayopokea hela za wateja na michango ya kikundi isiwe na kadi kabisa. Kadi iwe kwenye laini ya mtandao mwingine, ambayo kazi yake ni manunuzi ya nje tu. Siku ya kununua unatuma kiasi unachohitaji kutoka laini kubwa kwenda ndogo. Gharama ya kutuma ni ndogo ukilinganisha na kilichokuwa wazi. Na kama aplikesheni inakuruhusu kuweka ukomo wa matumizi kwa muamala au kwa siku, weka karibu na bei ya kitu unachonunua. Kuacha ukomo wa milioni wakati unanunua kitu cha dola 30 ni kuacha mlango wazi kwa sababu tu hujaingia mgeni bado.

Sasa hesabu ya kuweka hela, kwa sababu hapa watu hukosea pande zote mbili. Kifaa ni dola 24, usafirishaji dola 6, jumla dola 30. Tuseme siku hiyo dola moja ni shilingi 2,600: hiyo ni 78,000. Ukiweka 78,000 kamili malipo yatakataliwa, kwa sababu kiwango cha kubadilishia anachotumia mtoa kadi huwa juu kidogo ya kile ulichokiona mtandaoni, na mara nyingi kuna ada ya muamala wa nje juu yake. Duka nalo linaweza kuongeza kodi kwenye hatua ya mwisho kabisa, kwa hiyo bei ya kufanyia hesabu ni ile ya ukurasa wa mwisho, siyo ile iliyoandikwa chini ya picha. Mimi huongeza asilimia 5: 78,000 inakuwa 81,900, unaweka 82,000. Ikikataa baada ya hapo, soma meseji kwanza usije ukaweka laki moja kwa hasira.

Duka likikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua sarafu ya duka. Ukichagua shilingi, duka ndilo linalobadilisha, kwa kiwango chake, na kiwango hicho hakikupendelei.

Malipo yakikubalika, hela bado haijafika kwa muuzaji. Imeshikiliwa. Muuzaji anakuja kuichukua rasmi baadaye, kwa kawaida siku moja hadi tatu, na kiasi kinaweza kubadilika kidogo kwa sababu kiwango cha siku ya kuchukua si kile cha siku ya kushikilia. Dola ikipanda shilingi 30, kwa dola 30 tofauti ni shilingi 900. Hizo ndizo zinazomfanya mtu aone salio la kadi limekwenda chini ya sifuri na kudhani ameibiwa. Kuna maduka, Amazon ikiwemo, ambayo hukata mzigo unapoondoka, na mizigo ikitoka kwa mafungu mawili hukata mara mbili; mara mbili hizo zikijumlishwa zikalingana na oda yako, si wizi. Kwa sababu hiyo usikombe kadi hadi senti ya mwisho saa ileile uliyolipa. Acha ile asilimia 5 mpaka muamala usomeke umekamilika, ndipo urudishe kilichobaki kwenye laini.

Baada ya kulipa, kadi ifungiwe. Aplikesheni nyingi zina sehemu ya kusimamisha kadi kwa muda, na hii ndiyo kinga ninayoiamini kuliko kuiacha tupu. Kadi iliyofungiwa humjibu mwizi kwa kukataa tu, bila kumpa habari kwamba kilichokosekana ni salio. Unaifungua dakika moja kabla ya kulipa, unaifunga malipo yakipita. Kama huduma yako haina sehemu hiyo ila inaruhusu kutengeneza kadi mpya bila gharama, basi tumia kadi moja kwa duka moja. Ikitoka utajua ilitokea duka gani, na kuiua hakutakuharibia mengine.

Turudi kwa katibu asubuhi ile ya chai, safari hii asifute meseji. Kwanza anafungia kadi kwenye aplikesheni. Pili, kama kadi ina mfuko wake, anarudisha zile 400 kwenye laini, si kwa thamani yake bali kuona kwamba mfuko umekauka. Tatu, anapiga picha ya meseji ikionyesha saa, kiasi na jina la duka. Nne, anafungua orodha ya miamala na kurudi nyuma miezi miwili, akitafuta vidogo vya senti au dola moja vilivyopita bila yeye kugundua. Kisha anapiga namba ya huduma kwa wateja iliyoko ndani ya aplikesheni au kwenye menyu, siyo ile atakayoipata kwa kutafuta mtandaoni, na anaomba kadi ifutwe itolewe nyingine yenye namba mpya. Kwenye kusema hapo awe makini. Ukisema "nifungulieni kadi" utarudishiwa ileile. Baada ya kupewa, linganisha tarakimu nne za mwisho na za zamani. Zikiwa zilezile, hujabadilishiwa kitu.

Hatua ambayo watu huisahau ni huduma za kulipia kila mwezi. Ulipoweka kadi kwenye huduma ya filamu au hifadhi ya picha, huduma ile haitumii CVV tena kila mwezi. Ina idhini yako ya mwanzo. Na mitandao ya Visa na Mastercard ina utaratibu ambao mtoa kadi akishiriki, namba mpya hupelekwa kwa wafanyabiashara wenye idhini ya zamani ili malipo yasikatike. Kwa mtu anayetaka kuendelea na huduma ni msaada. Kwa aliyebadilisha kadi ili kuikimbia huduma iliyomng'ang'ania, ni mshangao: kadi mpya, makato yaleyale. Anza kwa kujiondoa kwenye huduma yenyewe, hifadhi barua pepe ya uthibitisho, ndipo ubadilishe kadi. Zile za "siku 7 bure" zote ziingizwe kwa kadi ambayo utaifungia siku ileile.

Yote haya yanahusu namba ya kadi. Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ndiyo ya kuilinda kama ufunguo wa ghala. Sababu iko kwenye nani anabeba hasara. Duka likipokea kadi bila kukuomba namba ile, kwa kawaida hasara ya wizi ni ya duka, na madai yako yana miguu. Lakini namba ile ikiwa imeandikwa sahihi, rekodi inaonyesha kwamba mwenye kadi mwenyewe alithibitisha, na kumshawishi mtu vinginevyo ni kazi ngumu. Ndiyo maana mwizi aliyepata namba ya kadi hupiga simu.

"Shikamoo mama, napiga kutoka makao makuu, kitengo cha usalama. Tumeona kuna mtu anajaribu kuchukua hela kwenye kadi yako, tunataka kumzuia. Nimekutumia namba sasa hivi, nisomee tuizuie pamoja."

Heshima ipo, haraka ipo, na anajua tarakimu zako nne za mwisho. Meseji inaingia kweli, tena kutoka kwa mtoa kadi halisi, kwa sababu ni mwizi huko aliko aliyebonyeza kulipa. Dawa ni kusoma meseji yote kabla ya kusoma namba. Mara nyingi ndani yake mna kiasi na jina la duka. Hakuna namba ya kuzuia malipo. Ile ni ya kuruhusu. Kata simu, fungia kadi, na namba iliyokupigia itume bure kwenda 15040 ya TCRA. Na kama laini yenye kadi imepoteza mtandao ghafla wakati majirani wana mtandao, usisubiri urudi wenyewe. Nenda dukani kwa mtoa huduma na kitambulisho siku hiyohiyo, maana anayeishika laini yako ndiye anayepokea hizo meseji.

Hela ikiwa imekwenda tayari, kama zile 79,000, lalamika kwa maandishi. Andika tarehe, saa, kiasi kwa dola na kwa shilingi, jina la duka kama lilivyosomeka, namba ya kumbukumbu ya muamala, na sentensi moja iliyo wazi kwamba hukuufanya wala hukumpa mtu namba ya uthibitisho. Wakikwambia usubiri muamala ukamilike, si lazima wanakukwepa. Muamala ambao bado umeshikiliwa kwa kawaida hauwezi kupingwa rasmi mpaka muuzaji auchukue. Omba namba ya malalamiko. Kwenye sheria za Visa na Mastercard mtoa kadi kwa kawaida ana siku 120 kuupinga, kwa hiyo malalamiko yaliyokaa mezani miezi mitano yamekufa. Ukizungushwa, malalamiko hayo yenye namba ndiyo unayoyapeleka Benki Kuu ya Tanzania, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha baada ya mtoa huduma kushindwa kuyamaliza.

Limebaki la marejesho, ambalo linawaumiza hata walio makini. Mzigo kutoka China hadi posta ya Tabora unaweza kuchukua mwezi na zaidi. Tuseme kipima unyevu kimefika kioo kimepasuka na muuzaji amekubali kurudisha dola 30. Hela hiyo inarudi kwenye namba ileile iliyolipa, na katibu ameshaifuta wiki tatu zilizopita. Muuzaji ataonyesha kwamba amerudisha, aplikesheni haitaonyesha kitu, na kila upande utasema uko sawa. Kwa hiyo kama kadi haijavuja na kuna mzigo njiani, ifungie tu, usiifute. Marejesho mara nyingi hupita hata kwenye kadi iliyofungiwa. Kama imevuja na imebidi ifutwe, mwombe muuzaji namba ya ARN ya marejesho, ina tarakimu 23, na uipeleke kwa mtoa kadi pamoja na tarakimu nne za mwisho za kadi ya zamani. Kwa ARN wanaweza kuifuatilia hela ilipokwama. Bila hiyo, wa huduma kwa wateja atatafuta jina lako kwenye kadi mpya, na huko haipo.